Ankara ya Makadirio Inapomshtua Mteja: Namna ya Kumpa Maelezo Yanayoeleweka

Mteja aliyezoea kulipa shilingi 25,600 za maji kwa mwezi akiletewa ankara ya 52,000 anakuja ofisini na swali moja tu: haya maji nimeyatumia lini? Dirishani anajibiwa, "Mama, hayo ni makadirio." Jibu ni la kweli, lakini mama anaondoka hajui makadirio hayo yametoka wapi, hajui kama alipe au asubiri, na hajui kama pesa iliyozidi itarudi. Mwezi unaofuata atakuwa tena dirishani, safari hii akiwa na jirani yake.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayekaa upande wa pili wa dirisha hilo, afisa wa huduma kwa wateja katika mamlaka ya maji. Nimeuelekeza kwenye maji kwa sababu nyumba nyingi za Tanzania hununua umeme kwa LUKU, na aliyelipa kabla ya kutumia hakadiriwi. Kwa wateja wengi, maji bado husomwa mwisho wa mwezi na mtu anayepita nyumba kwa nyumba, na akikuta geti limefungwa, kompyuta hujaza pengo.

Tuchukue nyumba moja ya mfano na twende nayo mpaka mwisho. Ina mita moja na familia ya watu sita. Tarehe 28 Februari mita ilisomwa ikiwa 936. Mwisho wa Machi msoma mita alikuta geti limefungwa, na mfumo ukaandika 966, yaani uniti 30. Ankara ikatoka mwanzoni mwa Aprili. Bei za mfano ni shilingi 1,600 kwa kila uniti mpaka ya 20, na 2,000 kwa kila uniti inayozidi hapo. Uniti 20 za kwanza ni shilingi 32,000, kumi zilizobaki ni 20,000, jumla 52,000. Wewe utaweka bei za mamlaka yako zilizoidhinishwa na EWURA. Hesabu itakwenda kwa njia hiyohiyo.

Soma historia kabla ya kujibu

Maelezo mabaya huanzia kwa afisa anayejibu akiwa anaitazama ankara ya mwezi mmoja tu. Fungua usomaji wa miezi minne ya nyuma, kisha jiulize uniti 30 zimetoka wapi. Mifumo mingi hukadiria kwa wastani wa miezi mitatu iliyosomwa, na kwa nyumba yetu miezi hiyo ni Desemba uniti 16, Januari uniti 58, Februari uniti 16. Ukijumlisha unapata 90, ukigawa kwa tatu unapata 30. Kompyuta haikukosea hesabu. Lakini angalia Januari.

Uniti 58 kwa familia inayotumia 16 si matumizi ya kawaida, na kumbukumbu za malalamiko zitakuambia kilichotokea: bomba lilipasuka chini ya ardhi, kati ya mita na nyumba. Uniti 42 zilizozidi ni lita 42,000. Zigawe kwa siku 31 na utaona ni kama lita 1,355 kwa siku, ambazo hazifiki hata lita moja kwa dakika. Mvujo wa kiasi hicho hautoi kelele wala haufanyi dimbwi uani, hasa kwenye udongo wa kichanga. Familia iliugundua ilipoletewa ankara, ikamleta fundi, ikalipa, na Februari matumizi yakarudi kuwa 16.

Sasa unajua jambo ambalo mteja mwenyewe hajalijua. Maji ya bomba lile aliyalipia Januari, na wastani umemletea sehemu yake tena mwezi Machi. Hicho ndicho kiini cha maelezo yako. Bila hicho, kila utakachosema kuhusu "utaratibu wa makadirio" kitamfikia kama kisingizio, na atakuwa na haki ya kukichukulia hivyo.

Si kila nyumba itakuwa na bomba lililopasuka. Pengine mwezi mmojawapo ulikuwa na msiba na watu walilala hapo wiki mbili, au familia ilikuwa inajenga na kufyatua matofali, au mpangaji mwenye duka la kufulia nguo alihama. Unachotafuta ni mwezi usiofanana na wenzake. Ukiupata, umepata sababu. Usipoupata, huenda makadirio yako sawa, na mazungumzo yatakuwa ya namna nyingine, ambayo nitayafikia.

Kagua pia ratiba ya mgao. Kauli utakayoisikia zaidi ni "maji yenyewe hayatoki," na mara nyingi ina ukweli. Kama mtaa ulikaa siku kumi za Machi bila maji, wastani wa miezi ambayo maji yalitoka vizuri hauwezi kuwa kipimo cha mwezi huo. Mfumo haujui habari za mgao. Wewe unazijua, au unaweza kumuuliza fundi wa eneo kwa simu ya dakika mbili. Usimwache mteja akufundishe habari za mtaa ambao ofisi yako ndiyo iliyoukatia maji.

Namba iliyo kwenye mita leo

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi mwingi, nacho hakihitaji fundi. Linganisha namba iliyo kwenye mita leo na ile iliyoandikwa kwenye ankara. Mita ya maji haisogei kwa hisani ya mtu, na isipokuwa mbovu au imefungwa kinyume, hairudi nyuma. Kama ankara imeandika 966 kwa mwisho wa Machi, na leo tarehe 9 Aprili mita inasoma 957, basi 966 haijawahi kufikiwa. Makadirio yamezidi, na hapo hakuna la kujadili.

Mwombe mteja picha. Mweleze kwa maneno mepesi: apige picha moja inayoonyesha uso wote wa mita, pamoja na namba ya mita iliyochongwa kwenye mfuniko au pembeni. Namba hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu kwenye uchochoro wenye mita nne zilizofungwa pamoja, mita za majirani hupishana kwenye kumbukumbu, na unaweza kurekebisha ankara ya mtu kwa kutumia matumizi ya mwenzake. Mwambie asome tarakimu nyeusi tu. Nyekundu zinaonyesha visehemu vya uniti, na mteja anayezisoma zote pamoja atakuletea 957,340 badala ya 957 na kukuacha ukidhani mita imeharibika. Mamlaka kadhaa tayari zina usomaji shirikishi, ambapo msoma mita na mteja husoma pamoja. Mteja aliyewahi kushiriki hatahitaji maelezo haya.

Picha ikifika, fanya hesabu iliyo wazi. Kutoka 28 Februari mpaka 9 Aprili ni siku 40. Mita imetoka 936 na kufika 957, kwa hiyo zimetumika uniti 21. Kwa siku ni zaidi kidogo ya nusu uniti, na kwa siku 31 za Machi ni uniti 16. Mwisho wa Machi mita ilikuwa karibu 952. Ankara ilimdai uniti 30, alitumia 16, amezidishiwa 14.

Namba hii ya 952 nayo ni makadirio, na usimfiche mteja hilo. Tofauti yake na ile ya kwanza ni kwamba imebanwa katikati ya masomo mawili ya kweli, moja kabla na moja baada, kwa hiyo haiwezi kupotea mbali.

"Itajirekebisha yenyewe mwezi ujao"

Hii ndiyo sentensi ninayokuomba uiache. Inasemwa kwa nia njema, na wanaoisema wanaiamini: mwezi ujao mita itasomwa kweli, uniti zilizozidi zitajitoa zenyewe, mteja atalipa kidogo, mambo yatakaa sawa. Kwa upande wa uniti ni kweli. Kwa upande wa shilingi si kweli pale bei inapopanda kwa madaraja, na mteja analipa shilingi.

Tuiache nyumba yetu ijirekebishe yenyewe, tuone. Machi inalipa 52,000. Mwisho wa Aprili mita inasomwa ikiwa 968. Mfumo unatoa 966 na kupata uniti 2, ambazo kwa 1,600 ni shilingi 3,200. Kwa miezi miwili familia imelipa 55,200. Sasa fanya kama mita ingesomwa kila mwezi: Machi uniti 16, Aprili uniti 16, jumla 32, zote kwa 1,600. Ni 51,200. Uniti ni zilezile 32, lakini nyumba imepoteza shilingi 4,000. Zimetoka kwenye zile uniti kumi zilizopita kiwango cha 20, ambazo kila moja ilitozwa shilingi 400 zaidi, na mwezi wa Aprili haukuwa na namna ya kuzirudisha.

Shilingi 4,000 kwa nyumba moja ni kitu kidogo kwenye vitabu vya mamlaka. Lakini mteja mwenye kikokotoo kwenye simu ataigundua, na siku hiyo kila utakachomwambia kitapimwa kwa jambo hilo. Kama mamlaka yako inatoza bei moja kwa uniti zote, tatizo hili halipo, na hapo unaweza kusema kwa amani kwamba hesabu itasawazika. Hata hivyo bado utakuwa umemkopa mtu shilingi 20,000 na ushee kwa mwezi mzima bila kumwomba.

Kuna upande wa pili wa jambo hilohilo, nao huleta malalamiko makubwa zaidi. Nyumba imekadiriwa chini, tuseme uniti 8 kwa mwezi kwa miezi mitatu, wakati inatumia 16. Hakuna anayelalamika, maana ankara ndogo hailetwi dirishani. Mwezi wa nne mita inasomwa, na uniti 24 zilizobaki nyuma zinaangukia pamoja na 16 za mwezi huo. Ankara ni ya uniti 40: ishirini za kwanza 32,000, ishirini za pili 40,000, jumla 72,000. Maji hayo mteja ameyatumia kweli, hilo mwambie bila kuzunguka. Lakini hakuyatumia kwa mwezi mmoja. Yakitandazwa kwenye miezi yake hakuna mwezi unaopita uniti 20, na deni halali ni 64,000. Kazi yako ni kuomba uniti zigawanywe kwenye miezi minne kabla ya kutozwa bei, kisha umpe mteja nafasi ya kulipa deni hilo kwa awamu. Geti linaweza kuwa lilifungwa, lakini kumwachia mtu miezi mitatu bila kusomewa na bila kumpigia simu ni kosa la ofisi.

Kuandika maelezo

Ukishayajua haya, kuandika ni kazi nyepesi, mradi uanze na tendo la ofisi. Barua nyingi huanza hivi: "Tunapenda kukufahamisha kuwa ankara yako ya mwezi Machi imetokana na makadirio ya matumizi kwa mujibu wa taratibu." Aliyefanya jambo hajulikani. Ankara "imetokana" yenyewe, kana kwamba imeota. Sentensi ya kwanza iseme nani hakufanya nini: hatukusoma mita yako. Maneno matatu, na mteja anajua papo hapo kwamba hatuhumiwi.

Sababu ya kutosoma ielezwe bila lawama. "Geti lilikuwa limefungwa" inatosha. "Mteja hakuwepo kutoa ushirikiano" ni shutuma kwa mtu aliyekuwa kazini saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Kama msoma mita ameandika "mbwa mkali" au "mita imefukiwa na mchanga", sema hivyohivyo, kwa sababu hizo ni sababu ambazo mteja anaweza kuziondoa kabla ya mwezi ujao. Na kama hakuna sababu iliyoandikwa, usitunge. Andika kwamba mita haikusomwa, uishie hapo.

Barua ya nyumba yetu ingeweza kuwa hivi:

"Mama, mwezi Machi hatukusoma mita yako. Msoma mita wetu alikuta geti limefungwa, nasi tukakadiria kuwa mmetumia uniti 30.

Makadirio hayo yalizidi. Tuliyapata kwa wastani wa Desemba, Januari na Februari. Januari ilikuwa na uniti 58 kwa sababu ya bomba lililopasuka, na maji hayo ulikwisha kuyalipia.

Picha uliyotutumia tarehe 9 Aprili inaonyesha mita ikiwa 957. Tarehe 28 Februari ilikuwa 936. Kwa siku hizo 40 mmetumia uniti 21, na kati ya hizo tumehesabu 16 kuwa za Machi.

Ankara ya Machi sasa ni shilingi 25,600 badala ya 52,000. Tafadhali lipa kwa namba mpya ya malipo iliyo chini ya barua hii kabla ya tarehe 30 Aprili. Namba ya zamani usiitumie. Maji hayatakatwa kwa sababu ya ankara ile ya 52,000.

Ankara ya Aprili itaanza kuhesabu kwenye 952. Msoma mita atapita tarehe 30 Aprili asubuhi. Akikuta geti limefungwa atakupigia simu kwenye namba uliyotupa, na unaweza kumtumia picha ya mita siku hiyohiyo.

Ukiona hesabu hii haiko sawa, njoo na barua hii tuifanye tena pamoja."

Angalia kilichoachwa. Hakuna kifungu cha sheria, hakuna jina la mfumo wa kompyuta, hakuna "samahani kwa usumbufu uliojitokeza". Kuomba radhi si vibaya, na kama ofisi yako inataka neno la radhi, liweke mara moja na liseme jambo lenyewe: "Tunakuomba radhi kwa kukudai uniti 14 ambazo hukuzitumia." Radhi isiyotaja kosa humkera msomaji kuliko kuinyamazia.

Angalia pia mahali pesa ilipokaa. Imekuja baada ya sababu, kwa sababu mteja huyu amekuja na swali la "lini". Kwa ujumbe mfupi wa simu geuza mpangilio, maana wengi husoma mstari wa kwanza tu wakiwa kwenye daladala: "Ankara yako ya Machi sasa ni 25,600, si 52,000. Hatukusoma mita, tulikadiria uniti 30, picha yako imeonyesha 16. Lipa kwa namba mpya. Ya zamani usiitumie." Onyo la namba ya zamani usilisahau kamwe. Mtu akilipa 52,000 kwa namba ya kwanza baada ya ankara kurekebishwa, fedha itakaa kwenye akaunti yake kama salio la mbele, na wewe utaanza maelezo mengine kabisa.

Uniti moja ni lita 1,000. Mteja asiyeielewa uniti mwambie ni ndoo 50 za lita 20. Uniti 14 zilizozidi ni ndoo 700, na hapo hata mtoto wa nyumba ataona kwamba haziwezi kuwa zimepita jikoni bila mtu kujua. Hesabu hii ya ndoo ifanye kwa mdomo dirishani. Kwenye barua hurefusha maneno.

Nyumba ya wapangaji

Nyumba nyingi za Dar es Salaam na miji mingine zina mita moja na vyumba sita vya kupanga. Ankara huja kwa mama mwenye nyumba, naye huigawa kwa vichwa au kwa vyumba. Anapokuja kwako, nyuma yake kuna watu sita wanaodhani amewaongezea bei. Barua yako itasomwa kwa sauti barazani, na pengine itapigwa picha na kuingia kwenye kundi la wapangaji kabla hajarudi nyumbani.

Kwa hiyo mpe namba zinazogawanyika. Taja jumla ya zamani, jumla mpya, na siku ambazo jumla hiyo inahusu. Siku ndizo zinazosahaulika zaidi. Mpangaji aliyehamia tarehe 15 Machi ana haki ya kulipia nusu ya mwezi, na asipoona tarehe atabishana na mwenye nyumba, si na wewe, lakini mwenye nyumba atarudi kwako. Kama wapangaji walikwisha kuchanga na 52,000 zimelipwa, eleza kwamba 26,400 zilizozidi zimebaki kwenye akaunti ya nyumba na zitakatwa kwenye ankara ya Aprili, na kama hazitaisha, ya Mei. Aprili kwa uniti 16 ni 25,600, kwa hiyo salio litaifuta ankara hiyo yote na kubakiza shilingi 800. Mwandikie hivyohivyo. Mwenye nyumba akiwa na karatasi yenye maneno hayo hatashutumiwa kwamba amekula fedha za maji.

Mita ikikusaliti

Sasa geuza picha. Tarehe ni ileile 9 Aprili, lakini mita inasoma 975. Kutoka 936 ni uniti 39 kwa siku 40, karibu uniti moja kila siku, na kwa siku 31 za Machi ni 30. Makadirio yaliyoonekana ya ajabu yameangukia kwenye ukweli kwa bahati. Hapa hutarekebisha ankara, na maelezo yako yanabadilika: tatizo la kukadiria limekwisha, sasa kuna maji yanayopita kwenye mita ambayo familia haijui yanaenda wapi.

Hapa maofisa wengi huharibu kwa swali la kwanza: "Mlikuwa na wageni?" Linasikika kama upelelezi. Bora umpe kazi ya kufanya nyumbani. Usiku, watu wakishalala, afunge bomba zote na valvu ya kujazia tanki la juu, kisha aangalie kigurudumu kidogo au pembetatu ndogo iliyo katikati ya mita. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna mvujo baada ya mita. Akiwa na valvu ya kufungia maji mlangoni mwa nyumba, aifunge pia aangalie tena: kikiendelea kuzunguka, mvujo uko ardhini kati ya mita na nyumba, kikisimama, uko ndani, na pa kuanzia ni tanki la choo. Atie rangi kidogo ya chakula kwenye tanki hilo, asivute maji kwa nusu saa, kisha atazame bakuli. Rangi ikionekana, mpira wa ndani umekwisha.

Jaribio hili halina maana kama maji ya mtaa yamekatwa usiku huo, maana bila msukumo hakuna kitakachozunguka. Mwambie alifanye siku ya zamu yake ya mgao. Na kama mgao wa mtaa huo ni mkali, kubali jambo jingine analoweza kukuambia: maji yanaporudi baada ya siku nyingi, hewa iliyojaa bombani husukumwa kwanza, na inaweza kuzungusha mita kabla tone halijafika. Wateja wamelisema hili miaka mingi na wakachekwa madirishani. Linatokea. Haliwezi peke yake kueleza uniti 14 kwa mwezi kwenye nyumba ya kawaida, lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtu "ni sehemu ndogo" na kumwambia "hakuna kitu kama hicho". Akisisitiza kwamba mita yenyewe ni mbovu, mweleze namna ya kuomba ipimwe, gharama ni ya nani matokeo yakija upande huu au ule, na itachukua siku ngapi.

Kuna wateja ambao hawataridhika hata kwa haya. Waambie wazi kwamba malalamiko yaliyoshindikana kwenye mamlaka yanaweza kupelekwa EWURA, na kwamba EWURA CCC, baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za nishati na maji, linaweza kuwasaidia kuyaandaa. Afisa anayelitaja hili mapema, kwa sauti ya kawaida, huwa na mafaili machache yanayokwenda huko, kwa sababu mteja haoni kwamba anafichwa njia.

Kabla hujafunga faili

Mteja ameondoka na barua. Yamebaki mambo mawili, na yote ni ya upande wako.

La kwanza ni 952. Hakikisha usomaji wa Machi umebadilishwa kwenye mfumo kutoka 966, si kiasi cha fedha peke yake. Ofisi nyingi hurekebisha shilingi na kuacha usomaji kama ulivyokuwa. Aprili ikifika, mfumo utatoa 966 kwenye 968, utapata uniti 2, na mteja atapata ankara ya 3,200. Atafurahi. Halafu mkaguzi wa ndani ataona uniti 14 zilizopotea, zitarudishwa Mei, na mama yuleyule atakuja dirishani na ankara kubwa ambayo huna namna ya kuieleza, kwa sababu ulikwisha kumwandikia kwamba jambo limekwisha.

La pili ni Januari. Bado imo kwenye wastani. Geti likifungwa tena mwisho wa Aprili, mfumo utachukua miezi mitatu iliyosomwa, ambayo bado ni Desemba, Januari na Februari, kwa sababu Machi haikusomwa, na utaandika 30 kwa mara ya pili. Omba mwezi huo uwekewe alama ya mvujo ili usihesabiwe. Kama mfumo hauna alama hiyo, mpendekezee msimamizi wako njia ambayo haihitaji programu mpya: ipange miezi mitatu kutoka mdogo mpaka mkubwa na uchukue wa katikati badala ya wastani. Kwa nyumba yetu wa katikati ni 16. Kisha mpigie msoma mita wa eneo hilo, umpe namba ya simu ya mama, na umwambie nyumba hiyo aanze nayo asubuhi ya tarehe 30, kabla watu hawajatoka.